Maswali ya Jiografia, Kidato cha Tano: Mabamba ya Dunia na Matetemeko

Jibu yote kwa dakika 50. Kutaja ushahidi pekee hakutoshi. Eleza unathibitisha nini.

1. Visukuku vya Mesosaurus, mtambaazi wa maji baridi, vimepatikana Brazili na kusini mwa Afrika. Kwa nini Wegener aliutumia ushahidi huu mwaka 1912, na ni swali gani kuhusu nguvu inayosukuma mabara alishindwa kulijibu? (alama 6)

2. Miamba ya sakafu ya Atlantiki ni michanga karibu na mgongo wa kati ya bahari, na umri huongezeka pande zote mbili.
(a) Chora mchoro unaoeleza hali hiyo. (4)
(b) Mabara yana miamba ya zaidi ya miaka bilioni 3, lakini sakafu ya bahari karibu yote haifiki miaka milioni 200. Ile ya zamani imekwenda wapi? (5)

3. Sasa tuje nyumbani. Tetemeko la Toro la 20 Machi 1966 liliua watu wengi. Lile la Bukoba la 10 Septemba 2016, lenye kipimo cha 5.9, lilisikika hadi Uganda.
(a) Husisha matetemeko ya Toro na kutanuka kwa bonde la ufa. (6)
(b) Rwenzori, mita 5,109, si volkano. Iliinukaje? Wengi huchanganya hapa, soma swali mara mbili. (7)
(c) Kwa nini matetemeko ya Japani hufika kina kirefu kuliko yetu? (4)