Pete Imekataa Kutoka

Video ya dakika nne. Kijiji cha machungwa, wilaya ya Muheza, Tanga.

WAHUSIKA: Mwanaidi, mimba ya tatu, miezi sita. Bi Zuhura, mama mkwe. Rehema, wifi. Hussein, mume. Nesi wa zahanati.

(Kwa waigizaji: Bi Zuhura anampenda mkwewe. Asichezwe kama mtu mbaya.)

ONYESHO LA 1. Uani, asubuhi.

Mwanaidi yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi. Anasimamisha kazi, anaivuta pete kidoleni. Haitoki. Rehema anaingia na kikapu cha machungwa.

REHEMA: Hodi! Shikamoo mama.

BI ZUHURA: Marahaba mwanangu. Karibu.

REHEMA: Wifi, una nini na hiyo pete?

MWANAIDI: Imekataa kutoka. Na ndala zinanibana, nimevaa za Hussein.

Kamera ishuke miguuni. Rehema anabonyeza kwa kidole juu ya kifundo. Panabaki shimo. Tusubiri hapo, tusikimbilie uso.

REHEMA: Kichwa je?

MWANAIDI: Kinanigonga tangu juzi. Nikiinuka naona nyotanyota.

REHEMA: Kliniki wamesemaje?

MWANAIDI: (kimya kidogo) Sijaanza.

REHEMA: Miezi sita, wifi!

MWANAIDI: Wawili wa mwanzo nilijifungua salama. Halafu wanataka uende na mume, na Hussein yuko kwenye machungwa mpaka jioni.

BI ZUHURA: Mwache mwenzio. Mimba haitangazwi, kuna macho ya watu. Na vile vidonge vyekundu vinamkuza mtoto, ukifika kuzaa unapasuliwa. Mimi nimezaa sita humu humu ndani.

REHEMA: (taratibu) Umezaa sita, mama. Tuko wanne.

Kimya. Isiwekwe muziki.

BI ZUHURA: Yule wa tatu... alitoka hana sauti. (Anautazama mguu wa Mwanaidi.) Nami nilivimba hivi hivi. Wakaniambia maji ya mimba, yatapungua.

Anasimama, anajitanda khanga.

BI ZUHURA: Rehema, kaite bodaboda mbili.

ONYESHO LA 2. Zahanati.

(Nesi asigombe. Akina mama wengi wanaikimbia kliniki kwa kuogopa kugombezwa mbele ya watu.)

NESI: Karibuni. Mama, umefanya vizuri kuja leo.

MWANAIDI: Mume wangu hayupo, nesi.

NESI: Akija tunafurahi, maana na yeye anapima. Asipokuja, hatukurudishi nyumbani. Lete mkono.

Mkanda wa presha unajaa upepo. Uso wa nesi unabadilika kidogo tu.

NESI: 150 kwa 100. Kwa mjamzito, ikifika 140 kwa 90 tayari tunashtuka. Na kwenye mkojo kuna protini. Hii ni presha ya mimba.

MWANAIDI: Lakini jana nimelima!

NESI: Ndiyo maana tunapima, mama. Unaweza kuwa nayo na usijue. Ikiachwa inaleta kifafa cha mimba: mama anakakamaa, anapoteza fahamu, na mtoto tumboni anakosa hewa. Leo hii unakwenda hospitali ya wilaya. Naandika rufaa.

BI ZUHURA: Mwanangu, angekuja mapema?

NESI: Tunataka waje kabla ya wiki ya 12, bibi, na mpaka kujifungua waje angalau mara nane. Tungeijua presha yake ya mwanzo. Tungempima wingi wa damu, kaswende na virusi vya Ukimwi. Angeshapata SP ya kuzuia malaria, sindano ya pepopunda na chandarua.

BI ZUHURA: Na vile vyekundu?

NESI: Vinaongeza damu. Havimkuzi mtoto kupita kiasi. Choo kinakuwa cheusi, hilo lisiwatishe. Mama akijifungua huku damu yake ni kidogo, hata akitoka damu ya kawaida anaweza kumponyoka mtu mikononi.

ONYESHO LA 3. Nyumbani, siku sita baadaye, jioni.

Mwanaidi amelazwa hospitali siku tano, amerudi. Pete iko kwenye kikombe mezani, waliitoa kwa sabuni. Hussein ameishika kadi ya kliniki.

HUSSEIN: Imeandikwa vidonge vya presha asubuhi, mchana na jioni. Kliniki kila wiki. Na atajifungulia hospitali, siyo hapa.

BI ZUHURA: Ukisikia kichwa, au macho, au maumivu ya chembe, au damu, au mtoto hachezi, hatungoji kuche. Nani ana namba ya bodaboda?

HUSSEIN: Ninayo. Na hela ya usafiri naiweka pembeni kuanzia leo, mzigo wa machungwa umeshauzwa.

MWANAIDI: Jumatatu utakwenda na mimi?

HUSSEIN: Nitakwenda. Machungwa hayakimbii.

Bi Zuhura anaokota kipande cha mkaa jikoni, anampa mwanawe.

BI ZUHURA: Hiyo kadi mtaipoteza. Niandikie Jumatatu ukutani, hapa, juu ya kitanda changu. Andika kubwa.