Ombi la Kumwondoa Mpangaji Mmoja Katika Mkataba na Kumwingiza Mwingine

Rehema Salum Mbelwa,
Nyumba ya mbele, chumba cha kwanza,
Sinza, Manispaa ya Ubungo,
Dar es Salaam.

18 Mei 2026

Bi. Zainabu Athumani Mkumba,
Mwenye nyumba,
Mbezi Beach,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUMWONDOA UPENDO JOSEPH MWAKISU KATIKA MKATABA WA UPANGAJI NA KUMWINGIZA MWANAIDI RASHIDI KOMBO KUANZIA 1 JULAI 2026

Mama, shikamoo.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi na Upendo ni wapangaji wako katika nyumba ya mbele, kwa mkataba mmoja tuliotia saini pamoja, ambao ulianza tarehe 1 Machi 2025 na utamalizika tarehe 28 Februari 2027. Upendo amepata uhamisho wa kikazi kwenda Dodoma na ataondoka tarehe 30 Juni 2026, wakati mimi ninapenda kuendelea kukaa hadi mkataba uishe. Kwa sababu hiyo tunakuomba uridhie jina lake liondolewe katika mkataba, na nafasi yake ichukuliwe na Mwanaidi, ambaye yuko tayari kuhamia tarehe 1 Julai 2026.

Kifungu cha 9 cha mkataba kinatukataza kumwachia mtu mwingine chumba bila ridhaa yako ya maandishi, na ndiyo maana tunakuandikia wiki sita kabla, wala hatujapokea hata shilingi moja kutoka kwa Mwanaidi. Tunakumbuka usumbufu ulioupata kwa wapangaji wa nyumba ya nyuma, ambao uligundua wamebadilishana vyumba siku ulipokuja kudai kodi na kukutana na sura usiyoijua.

Mwanaidi nimesoma naye sekondari Morogoro na nimemfahamu kwa zaidi ya miaka kumi. Ni muuguzi aliyeajiriwa katika hospitali moja hapa jijini, hana mtoto wala gari, na vyombo vyake ni kitanda, kabati na friji ndogo. Jambo moja ninaona ni haki ulijue mapema: katika baadhi ya wiki hufanya zamu ya usiku, hivyo huondoka nyumbani jioni na kurudi asubuhi, na zamu ya jioni inaweza kumfikisha getini baada ya saa nne usiku. Kwa kuwa geti hufungwa saa tano, hatutarajii usumbufu, lakini siku ambayo atachelewa nitamfungulia mimi mwenyewe ili Baba Juma, mlinzi, asiamshwe. Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho chake cha NIDA, barua ya mwajiri wake na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi sasa. Ungependa kumwona na kumhoji wewe mwenyewe, na sisi tungefurahi iwe hivyo, kwa hiyo tunaweza kuja naye kwako Jumamosi tarehe 30 Mei, au siku nyingine utakayotupangia.

Kuhusu fedha, tumejitahidi kupanga mambo yasikuguse kabisa. Kodi ya nyumba ni shilingi 600,000 kwa mwezi, nasi tulikulipa shilingi 3,600,000 za miezi sita kuanzia Machi hadi Agosti 2026, kila mmoja akitoa nusu. Upendo akiondoka mwishoni mwa Juni atakuwa amelipia miezi miwili ambayo hataikaa, yaani shilingi 600,000 kwa fungu lake. Vilevile, katika amana ya shilingi 600,000 uliyonayo tangu tulipoingia, nusu, yaani shilingi 300,000, ni yake. Ukikubali ombi hili, Mwanaidi atamlipa Upendo jumla ya shilingi 900,000 moja kwa moja, kwa maandishi na mbele yangu, na wewe hutadaiwa kurudisha chochote. Amana itabaki mikononi mwako kama ilivyo, isipokuwa tunaomba iandikwe kwamba nusu iliyokuwa ya Upendo sasa ni ya Mwanaidi, ili siku ya kuondoka isije ikazuka hoja ya nani alipwe. Kodi ya miezi sita inayofuata, kuanzia Septemba 2026 hadi Februari 2027, tutailipa mimi na Mwanaidi kwa kiwango kilekile na kabla ya tarehe 1 Septemba, kama mkataba unavyotaka.

Madeni mengine si makubwa. Umeme wa LUKU tunanunua wenyewe na hauna deni, na bili ya maji ya DAWASA tutailipa hadi Juni kabla Upendo hajatoka. Katika chumba chake kuna wavu wa dirisha uliochanika na kitasa kimoja kilicholegea, navyo atavitengeneza kwa gharama yake. Tunakuomba wewe au mtu utakayemtuma afike Jumamosi tarehe 27 Juni tukague chumba kwa pamoja na kuandika hali yake, kwa sababu Mwanaidi hapaswi kubeba uharibifu alioukuta, na Upendo hapaswi kuitwa kutoka Dodoma kwa uharibifu uliotokea baada yake.

Hatuoni haja ya kuandika mkataba mpya, maana imebaki miezi minane tu na masharti mengine yote hayabadiliki. Tunapendekeza iandikwe nyongeza ya ukurasa mmoja itakayoambatanishwa na mkataba wa sasa, yenye maneno haya: “Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 Upendo Joseph Mwakisu si mpangaji tena chini ya mkataba huu na hatawajibika kwa kodi au jambo lolote litakalotokea kuanzia tarehe hiyo, ila atawajibika kwa yaliyotokea kabla yake. Kuanzia tarehe hiyo Mwanaidi Rashidi Kombo ni mpangaji pamoja na Rehema Salum Mbelwa, kwa haki na wajibu uleule uliomo katika mkataba. Nusu ya amana iliyokuwa ya Upendo ni ya Mwanaidi. Kiwango cha kodi, muda na masharti mengine yanabaki kama yalivyo.” Nyongeza hiyo isainiwe na sisi wote wanne mbele ya wakili yuleyule aliyeshuhudia mkataba wa kwanza, na ada yake tutailipa sisi. Kama kuna neno ungependa liongezwe au lirekebishwe, tutalipokea kabla ya kwenda kwake.

Iwapo hutaridhika na Mwanaidi baada ya kumwona, tunaomba utueleze mapema ili nitafute mtu mwingine kabla ya mwisho wa Juni. Mimi ninabaki mpangaji wako kwa hali yoyote, ila kubeba kodi nzima peke yangu kuanzia Septemba nisingeweza, na nimeona bora nikuambie hivyo sasa kuliko kukuambia siku ya kulipa.

Tunaomba majibu yako kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu kwanza, kabla ya tarehe 8 Juni 2026, ili Mwanaidi aweze kutoa taarifa kwa mwenye nyumba wake wa sasa.

Wako mtiifu,

Rehema Salum Mbelwa
Mpangaji anayebaki

Nimeisoma barua hii na ninakubaliana na yote yaliyomo:
Upendo Joseph Mwakisu, mpangaji anayeondoka
Mwanaidi Rashidi Kombo, mwombaji

Viambatanisho: nakala ya mkataba wa upangaji; nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya mwajiri na barua ya serikali ya mtaa za Mwanaidi; nakala ya risiti ya kodi ya Machi hadi Agosti 2026.