Barua ya Pingamizi: Malipo Pungufu ya Ankara ya Mgonjwa Aliyelazwa

OFISI YA ANKARA NA MADAI YA BIMA

Kumb. Na.: AMB/KLZ/0417/2025
Tarehe: 24 Aprili 2025

Kwa Meneja wa Madai,
Idara ya Huduma za Kulazwa.

Ndugu Meneja,

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA MALIPO PUNGUFU, DAI NA. KL-25-02863, MWANACHAMA NA. 7740-318-02, ALIYELAZWA 3 HADI 17 FEBRUARI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumepokea taarifa yenu ya malipo ya tarehe 9 Aprili 2025. Ankara tuliyowasilisha ilikuwa ya 2,486,400, nanyi mmelipa 1,312,900. Pungufu ni 1,173,500. (Fedha zote katika barua hii ni za sarafu ya mkataba.) Fedha mlizoleta tumezipokea kama malipo ya sehemu, na kuzipokea kwetu kusichukuliwe kuwa tumekubali dai hili limefungwa. Pingamizi hili linawasilishwa ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa na kifungu cha 11.2 cha mkataba wetu.

Tuanze na kile tusichokibishia. Mmekata 78,000, yaani tofauti ya bei ya chumba cha faragha kwa usiku 6. Chumba hicho familia ilikiomba yenyewe, kiko juu ya daraja la mwanachama, na ilitia saini kwamba tofauti ingelipwa nayo. Mmekata kwa haki. Tunachopinga ni 1,095,500 iliyobaki.

Sehemu kubwa ya pungufu hiyo imetokana na msimbo mmoja wa ugonjwa. Dai letu limechakatwa kwa msimbo K35.8, yaani mchochota wa kidole tumbo usiobainishwa, na kwa msimbo huo upasuaji umelipwa kwa kifurushi cha kuondoa kidole tumbo cha kawaida: 220,000 badala ya 648,000. Tumelipitia dai letu upya. Fomu ya madai tuliyoituma 21 Februari ina K35.2, yaani mchochota wa kidole tumbo ulioambatana na maambukizi ya utando wa tumbo zima, pamoja na A41.9 na R57.2 kwa sepsisi na mshtuko uliotokana nayo. K35.8 ipo mahali pamoja tu, kwenye fomu ya taarifa ya kulazwa iliyojazwa usiku wa 3 Februari, saa moja baada ya mgonjwa kufika na kabla hajapasuliwa. Ile ilikuwa dhana ya mlangoni. Dai la mgonjwa aliyelazwa hulipwa kwa utambuzi wa mwisho, ule anaouandika daktari wakati wa kumruhusu mgonjwa, kwa kuwa ndio unaoeleza kilichotibiwa.

Na kilichotibiwa hakifanani kabisa na kifurushi mlicholipia. Mwanaume huyu wa miaka 46 aliingia chumba cha upasuaji saa 8:15 usiku wa kuamkia 4 Februari. Kumbukumbu za upasuaji zinaeleza kwamba tumbo lilifunguliwa kwa mpasuo wa katikati, usaha wa takriban mililita 900 ukakutwa umeenea pande zote nne, na kidole tumbo kilikuwa kimeoza na kutoboka karibu na shina lake. Tumbo lilioshwa kwa lita 6 za maji ya chumvi. Ripoti ya maabara ya patholojia inathibitisha kuoza na kutoboka huko. Kifurushi cha kawaida kimekadiriwa kwa mpasuo mdogo, muda mfupi mezani na mgonjwa anayerudi wodini akizungumza. Kifungu cha 7.4 cha mkataba kinasema waziwazi kwamba bei za vifurushi hazitumiki pale maambukizi yanapokuwa yameenea tumbo zima, na kwamba upasuaji wa namna hiyo hulipwa kwa bei ya huduma moja moja. Tunadai 428,000 zilizobaki kwa kifungu hicho.

Suala la pili ni la chumba cha wagonjwa mahututi, na hili, tukiwa wakweli, ndilo lililotuuma zaidi. Mgonjwa alikaa humo usiku 4, kuanzia alfajiri ya 4 Februari hadi saa 5 asubuhi ya tarehe 8. Ninyi mmelipa usiku 2, na zile mbili za tarehe 6 na 7 mmezishusha hadi bei ya wodi ya kawaida, 28,000 badala ya 165,000 kwa kila usiku. Sababu mliyoandika ni kwamba mashine ya kupumulia iliondolewa asubuhi ya 6 Februari, hivyo mgonjwa "hakuwa tena na uhitaji wa uangalizi wa juu".

Mashine iliondolewa, ni kweli. Lakini mashine ya kupumulia haikuwa sababu pekee ya mgonjwa kuwa pale. Alipotoka mezani, shinikizo lake la damu la wastani lilikuwa milimita 54 za zebaki, ingawa alikuwa amekwisha kupewa maji ya mishipani lita 2.2, kiasi cha mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake wa kilo 74. Laktati katika damu ilikuwa 4.6. Tangu 2016, vigezo vinavyotumika kimataifa vinautambua mshtuko wa sepsisi kwa mgonjwa ambaye, hata baada ya maji ya kutosha, anahitaji dawa ya kubana mishipa ili shinikizo la wastani lifike 65, na laktati yake inabaki juu ya 2. Mgonjwa huyu alitimiza vyote. Aliwekwa kwenye noradrenalini, na mashine ilipoondolewa tarehe 6 bado alikuwa akiipata kwa mikrogramu 0.12 kwa kilo kwa dakika. Ilipunguzwa hatua kwa hatua, ikasimamishwa kabisa saa 8 mchana wa 7 Februari. Usiku ule aliangaliwa bila dawa, shinikizo likashika, na asubuhi akahamishiwa wodini.

Mgonjwa anayepata noradrenalini ya mshipani hupimwa shinikizo la damu kila dakika kwa mrija uliowekwa ndani ya ateri, na muuguzi hatoki kando ya kitanda. Hakuna wodi ya kawaida inayoweza kufanya hivyo kwa usalama. Mgonjwa ambaye moyo na mishipa yake inategemea dawa hiyo, akipelekwa wodini kwa sababu tu anapumua mwenyewe, anaweza kupoteza maisha wakati muuguzi anamhudumia mgonjwa wa kitanda cha pili. Daktari yeyote aliyewahi kusimamia chumba cha mahututi atawaambia hivyo.

Tena, usiku hizo mbili mliziidhinisha ninyi wenyewe. Tuliwapa taarifa ya kulazwa kwa dharura 4 Februari saa 3:20 asubuhi, mkatoa idhini Na. ID-55190 ya saa 48. Tarehe 6 tuliomba nyongeza, tukaambatanisha karatasi ya vipimo na kipimo cha noradrenalini cha saa hiyo. Muuguzi wenu wa uhakiki akapiga simu, akauliza maswali, na jioni ikaja idhini Na. ID-55347 ya saa 48 zaidi. Kifungu cha 5.6 kinasema huduma iliyoidhinishwa haitakatwa baadaye kwa hoja ya uhitaji wa kitabibu, isipokuwa taarifa iliyotolewa wakati wa kuomba idhini ilikuwa ya uongo. Hamjadai popote kwamba tuliwadanganya. Tunadai 274,000.

Tatu, mmekataa 186,500 za kutoa jipu la tumboni tarehe 12 Februari, kwa maelezo kuwa ni "tatizo lililosababishwa na mtoa huduma". Hili tunaomba liandikwe upya hata kabla ya kulipwa, kwa sababu ni tuhuma dhidi ya timu ya upasuaji, na imetolewa bila ushahidi wowote. Jipu ndani ya tumbo ni tatizo linalojulikana vizuri baada ya kidole tumbo kutoboka, hata pale tumbo lilipooshwa ipasavyo. Mgonjwa alikuja na usaha tumboni, hakuupata kwetu. Alipata seftriaksoni na metronidazoli ndani ya saa moja ya kufika. Usaha uliochukuliwa mezani uliotesha E. koli sugu kwa seftriaksoni. Majibu yalitoka 6 Februari na siku hiyohiyo akahamishiwa meropenemu. Homa iliporudi tarehe 11, siti skani ya kesho yake ilionyesha mkusanyiko wa sentimita 7, ukatolewa kwa mrija chini ya ultrasaundi bila kumpasua tena. Usaha wake uliotesha E. koli yenye usugu uleule. Maambukizi ni yale aliyofika nayo. Kama mlitaka gharama ndogo, njia ya mrija ndiyo iliyowaepusha na upasuaji wa pili.

Kuhusu usiku 3 za mwisho, tarehe 14 hadi 16, mmekata 145,000 (84,000 za kitanda na 61,000 za dawa) kwa kuwa joto la mwili lilikuwa limerudi kawaida. Mrija bado ulikuwa unatoa: mililita 140 tarehe 14, 60 tarehe 15, na 15 tarehe 16, ulipoondolewa jioni. Meropenemu hutolewa mshipani kila baada ya saa 8, na alimaliza siku 4 baada ya jipu kutolewa. Aliruhusiwa asubuhi iliyofuata. Hakuna usiku wa ziada hapo.

Zimebaki 62,000 zilizokatwa chini ya "marekebisho mengine". Hatuwezi kuzijibu kwa kuwa hamkueleza ni za nini. Tupeni sababu kwa kila mstari kama kifungu cha 9.1 kinavyotaka, au mzilipe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo haliwezi kusubiri mapitio. Nakala ya taarifa ya malipo mliyomtumia mwanachama inasema kwamba kiasi kisicholipwa "kinabaki kati yake na hospitali". Mke wake amefika ofisini kwetu na karatasi hiyo akiuliza wauze nini ili walipe. Tulimweleza kwamba, ukiacha zile 78,000 za chumba, hadaiwi chochote: kifungu cha 10.3 kinatuzuia kumdai mwanachama makato yanayobishaniwa, na hatutamdai. Mtu anayepona kidonda cha tumbo hapaswi kulala akihesabu deni ambalo si lake. Tunaomba mumwandikie barua ya kusahihisha ndani ya siku 7 na mtupatie nakala.

Kwa dai lenyewe, tunaomba lipitiwe upya na daktari bingwa wa upasuaji au wa wagonjwa mahututi ambaye hakuhusika na uamuzi wa kwanza, na 1,095,500 zilipwe ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii. Daktari aliyempasua mgonjwa yuko tayari kuzungumza na daktari wenu kwa simu, siku yoyote ya kazi baada ya saa 8 mchana. Iwapo hatutapata malipo wala jibu lenye sababu ndani ya muda huo, tutalipeleka suala hili kwa msuluhishi chini ya kifungu cha 14.

Tumeambatanisha fomu ya madai, muhtasari wa ruhusa, kumbukumbu za upasuaji na za usingizi, ripoti ya patholojia, chati ya chumba cha mahututi ya saa kwa saa, majibu yote mawili ya uoteshaji, ripoti ya siti skani, chati ya mrija na ya dawa, idhini zote mbili, na fomu ya chumba iliyosainiwa na familia. Taarifa hizi ni siri ya mgonjwa, zisomwe na wahusika wa dai hili pekee.

Wako,

(Saini)
Mkuu wa Kitengo cha Madai ya Bima
Ofisi ya Ankara

Nakala: Mganga Mfawidhi, Mkuu wa Idara ya Upasuaji, Jalada la mgonjwa