Ripoti ya Uchunguzi wa Mlipuko wa Kipindupindu, Shehia ya Maweni Pwani, Wilaya ya Micheweni, Pemba

Imetayarishwa na Timu ya Afya ya Wilaya. Takwimu ni za hadi 30 Novemba, saa 12 jioni.

Hali kwa ufupi

Kati ya 6 na 19 Novemba waliugua watu 46. Kati yao 9 walithibitishwa maabara na 2 walifariki, wote majumbani kabla ya kufikishwa kituoni. Vifo hivyo ni asilimia 4.3 ya wagonjwa, wakati lengo ni kubaki chini ya asilimia 1. Wanawake walikuwa 27 na wanaume 19. Mdogo kabisa ana miaka 2, mkubwa 71. Chanzo cha maambukizo ni kisima cha wazi cha mtaa wa Kisimani. Pilau ya hitima iliyolaumiwa na karibu kila tuliyemhoji haikuwa chanzo.

Nani amehesabiwa kuwa mgonjwa

*Mshukiwa, kabla ya maabara kuthibitisha:* mtu wa miaka 2 au zaidi, mkaazi au mgeni wa shehia tangu 1 Novemba, aliyeharisha maji matupu na kuishiwa sana maji mwilini, au aliyefariki kwa kuharisha maji.

*Mshukiwa, baada ya kuthibitisha:* mtu wa umri wowote aliyeharisha maji mara 3 au zaidi kwa siku, akitapika au asitapike. Tuliwapitia upya kwa kigezo hiki wagonjwa wote wa nyuma.

*Aliyethibitishwa:* mshukiwa ambaye kinyesi chake kimeoteshwa maabara na kuonekana bakteria wa kipindupindu aina ya O1. Kipimo cha haraka peke yake hakikuhesabiwa kuwa uthibitisho.

Mtiririko wa matukio

5 Novemba: mvuvi wa miaka 34, mkaazi wa Kisimani, anarudi kutoka dago.

6–7 Novemba: anaanza kuharisha. Siku ya pili anakwenda kituo cha karibu, anapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Daftarini limeandikwa neno "kuharisha" tu. Halielezi kama ni maji, damu au makamasi. Kwa neno hilo moja taarifa ilichelewa siku 5.

8 Novemba: mkewe anaugua. Usiku inanyesha mvua kubwa ya vuli.

10–13 Novemba: wagonjwa 4, 9, 11, kisha 8 kwa siku. Vifo vinatokea tarehe 10 na 12. Tarehe 12 wagonjwa wanne wanafika pamoja, macho yamezama na ngozi ikifinywa hairudi upesi. Kituo kinapiga simu wilayani. Vipimo vya haraka 5 kati ya 6 vinaonesha kipindupindu.

14 Novemba: wagonjwa 5. Kisima kinafungwa asubuhi, bila kungoja maabara.

15 Novemba: wagonjwa 3. Majibu ya maabara ya Wawi yanathibitisha.

16–19 Novemba: wagonjwa 2, 1, hakuna, 1. Wa mwisho aliugua siku ya 5 tangu kufungwa kisima, na siku 5 ndio ukomo wa ugonjwa kujificha mwilini.

Tulichokiona

Kisimani waliugua 31 kati ya wakaazi 412 (asilimia 7.5), Bondeni 11 kati ya 386 (2.8), Pwani 4 kati ya 298 (1.3). Pwani wanateka mferejini. Bondeni nao wana mfereji, lakini ukikauka hukimbilia kisimani.

Tuliwahoji wagonjwa 30 na wazima 60 wa mitaa hiyo hiyo. Waliokunywa maji ya kisima bila kuchemsha walikuwa wagonjwa 25 na wazima 22, sawa na uwiano wa uwezekano wa 8.6, na kwa uhakika wa asilimia 95 upo kati ya 2.9 na 25.8. Waliokula hitima ya tarehe 9 walikuwa wagonjwa 14 na wazima 21, uwiano 1.6 (0.7 hadi 4.0), ambao hauthibitishi kitu. Tena mvuvi na mkewe waliugua kabla ya hitima. Familia iliyoandaa shughuli ile imeelezwa hivyo mbele ya sheha na watu wa mtaa, kwani ilishaanza kutengwa.

Kisima kina upana wa mita 1.2 na kina cha maji mita 2.5. Ukuta wa juu umepasuka upande wa mashariki, hakina kifuniko, na kila nyumba inashusha ndoo yake yenye kamba inayoburutwa chini. Choo cha shimo cha nyumba ya mvuvi kipo mita 11, upande wa juu. Kanuni ya mita 30 ilivunjwa, ingawa katika maweni hata 30 hazitoshi: jiwe la matumbawe limejaa nyufa na maji hupita bila kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo. Tulimwaga rangi ya fluoreseini chooni pamoja na ndoo 10 za maji saa 1 asubuhi. Kabla ya saa 8 mchana ndoo ya kisimani ilitoka ya kijani. Wazee waliokuwa wakibisha walinyamaza hapo.

Sampuli 14 zilipelekwa maabara, 9 zikaota. Kati ya 5 zisizoota, 3 zilichotwa kwenye ndoo za wagonjwa zilizokwisha tiwa klorini. Klorini iliua bakteria, na majibu ya hapo hayana maana. Sampuli ichukuliwe kwenye chombo kikavu kisicho na dawa, kabla ya antibayotiki.

Hatua zilizochukuliwa

*Tiba.* Kambi ya vitanda 12 ilifunguliwa skulini. Wagonjwa 17 walioishiwa sana maji walipewa dripu ya Ringa: mililita 100 kwa kila kilo, yaani 30 katika nusu saa ya mwanzo na 70 katika saa 2 na nusu zinazofuata. Hao tu, kwa watu wazima, ndio waliopewa doksisaiklini miligramu 300 mara moja. Wengine walinyweshwa maji ya chumvichumvi, na watoto wakaongezewa zinki.

*Maji.* Usiku wa kwanza kufuli ya kisima ilivunjwa, na kosa lilikuwa letu: tulifunga kabla ya kuleta maji mengine. Kuanzia 15 Novemba boza la lita 10,000 lilikuja mara mbili kwa siku, takriban lita 18 kwa mtu. Kila ndoo ya lita 20 ilitiwa kwa bomba la sindano mililita 5 za maji ya klorini ya asilimia 1 (gramu 15 za unga wa asilimia 70 kwa lita), kisha ikangojwa nusu saa. Siku ya kwanza ndoo 10 kati ya 24 zilikutwa na klorini iliyobaki chini ya miligramu 0.2 kwa lita, kwa sababu dawa iliwekwa juani katika chupa nyeupe ikapungua nguvu. Tangu tulipohamia dumu jeusi lenye kifuniko na kuchanganya upya kila asubuhi, ndoo zote zilizopimwa zimefika 0.5.

Kisima kilitiwa gramu 200 za unga na kuachwa saa 12. Hili ni kukisafisha tu. Choo kile kikiendelea kutumika, maji yatachafuka tena.

*Maziko.* Waosha maiti 6 walipewa glavu, aproni na pamba ya kulowekwa klorini. Josho liliendelea kama kawaida. Chakula cha msibani kilisimamishwa.

Yanayobaki

Choo cha mita 11 kifukiwe ifikapo 5 Desemba. Afisa afya na sheha wanasimamia. Kisima kibaki kimefungwa mpaka mfereji wa Kisimani utoe maji kila siku. Vituo vyote vya wilaya viandike aina ya kuharisha, na mgonjwa yeyote wa miaka 2 au zaidi aliyeishiwa maji apigiwe simu wilayani siku hiyo hiyo. Wahudumu wa afya wa jamii 8 wanaendelea kupita nyumba kwa nyumba hadi 17 Desemba, wiki 4 tangu mgonjwa wa mwisho. Akipatikana mmoja kabla ya hapo, hesabu inaanza upya.