Kuhusu grafu ya seva uliyonitumia

Ijumaa, saa nne asubuhi

Dada Rehema,

Habari za kazi? Nimeipitia grafu yako kwa makini. Umeizungushia duara ile miiba ya mzigo inayochomoza kila saa, na ni kweli inatisha kuitazama. Lakini hatari haipo hapo. Ipo kwenye ile laini ya chini inayopanda polepole bila kelele.

Nianze na miiba. Inafika 9 kwenye seva yenye prosesa ya viini 4, inakaa dakika sita hivi, kisha inashuka. Prosesa yenyewe wakati huo haifiki hata nusu ya uwezo wake. Kwenye Linux, hesabu ya mzigo inajumlisha pia kazi zinazosubiri diski, na ile ripoti ya kila saa huandika sana kwenye diski. Ndiyo maana miiba yote imesimama dakika ileile. Iache kwanza.

Sasa angalia memori. Jumatatu saa mbili asubuhi ilikuwa GB 2.1. Alhamisi saa nane mchana ikagota GB 7.4 kati ya 8, kisha ikaporomoka ghafla hadi 2.2 na kuanza kupanda tena kwa mwinamo uleule. Grafu yetu haihesabu akiba ya mafaili ambayo Linux huiachia ikihitajika, kwa hiyo hiyo ni memori iliyoshikwa kweli. Poromoko lile si nafuu: seva haina swap, na naamini kerneli iliua programu ili ipate kupumua. Hakikisha hapa:

```
dmesg -T | grep -i "out of memory"
```

Kilichonishtua zaidi ni usiku. Wateja wamelala, maombi karibu hayapo, na laini bado inapanda takriban MB 70 kwa saa. Wala haina ngazi pale ripoti inapokimbia. Basi anayevujisha si tovuti wala ripoti. Ni kitu kinachofanya kazi saa zote. Mimi naishuku programu ya kutuma SMS, maana inazunguka kwenye foleni hata foleni ikiwa tupu. Ila dhana haitoshi. Piga amri hii sasa, kisha irudie jioni, uone ni programu gani safu yake ya RSS, yaani memori inayoishika, imenenepa:

```
ps -eo pid,rss,etime,args --sort=-rss | head -5
```

Kwa kasi hii memori itajaa tena Jumapili mnamo saa kumi na mbili jioni, nawe ndiye uko zamu. Tafadhali iwashe upya huduma hiyo ya SMS Jumamosi jioni, baada ya kuhifadhi majibu ya amri zote mbili. Usiongeze RAM kwa sasa hata wakikushauri. Itasogeza tu siku ya kuanguka. Ikiwa RSS itaitaja programu nyingine kabisa, nipigie hata usiku.

Kaka yako,
Juma