Chumvi, Chupa na Mahindi: Maneno kwa Wakulima wa Malindi

Hamjambo kina mama, kina baba. Mahindi ya masika ndiyo haya, na unyevu wetu wa pwani mnaujua. Sumukuvu hutoka kwenye ukungu, na kupika hakuimalizi. Punje ikikauka hadi asilimia 13.5 ya unyevu au chini, ukungu hukosa nguvu. Hilo halina shaka.

Sasa kipimo cha nyumbani. Tia chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi robo, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si mchangani.

Isiponata? Hapa nisiwadanganye. Chumvi hunata unyevu ukipita asilimia 15 hivi. Yako yaweza kuwa 14, na chumvi isiseme kitu. Basi anika siku moja au mbili zaidi. Na chumvi haioni sumu: kama iliingia tangu shambani kwa ukame au wadudu, kukausha hakuitoi, huizuia tu isizidi. Yaliyooza tenga. Na kuku, mzee wangu, usiwape.