Yah: Majibu ya Sampuli ya Udongo wa Shamba Lako la Igamba

Maabara ya Udongo
Mbeya

14 Aprili 2025
Kumb. Na. U/118/2025

Kwa: Baba Tumaini
Igamba, Mbozi

YAH: MAJIBU YA SAMPULI NA. 118 ILIYOFIKA IKIWA TOPE

Shikamoo mzee.

Ijumaa ulinipigia simu ukiuliza kwa nini karatasi yako ya majibu haitoki wakati umeshalipa na sampuli imeshapimwa. Ni haki yako kuuliza. Ni kweli tumepima, na namba ninazo hapa mezani. Lakini sitazigongea muhuri, na ni heri nikueleze sababu kwa maandishi kuliko tuendelee kukatiana simu mtandao unapoyumba.

Kijana wako alileta mfuko tarehe 7 Aprili. Kwa maelezo yake, udongo ulichimbwa tarehe 29 Machi, siku moja baada ya mvua kubwa, ukafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kukaa dukani hadi alipopata usafiri. Hizo ni siku tisa. Fundi wetu alipoufungua, maji yalikuwa yamesimama juu, na chumba kizima kilinuka yai viza. Tope lenyewe lilikuwa la kijivu kwa ndani, na pale penye mkunjo wa mfuko palipopenya hewa kidogo palikuwa na utando wa rangi ya kutu. Kwa mtu wa maabara, utando ule na ile harufu tayari ni majibu, ila si majibu ya shamba lako. Ni ya mfuko.

Kwenye simu ulisema jambo la maana: "Si mtoe tu hayo maji kwenye hesabu?" Maji yenyewe, ndiyo, yanatoka. Tulipima gramu 100 za tope lako, tukaziweka kwenye oveni ya nyuzi 105 usiku kucha, asubuhi zikabaki gramu 58. Kwa hiyo kila tunapopima gramu 10 za tope lile, udongo wa kweli ni gramu 5.8 tu, na kilichobaki ni maji yanayozimua dawa tunayotumia kukamua virutubisho. Hilo ningelirekebisha kwa kikokotoo ndani ya dakika moja.

Nisichoweza kukitoa kwa kikokotoo ni kile ambacho maji yamekifanya kwa siku tisa.

Udongo una bakteria, nao wanapumua kama sisi. Tope likifungwa kwenye plastiki, oksijeni iliyomo huisha upesi. Bakteria hawafi wote. Wapo wanaogeukia vitu vingine badala ya oksijeni, na wanaanza na naitreti, ambayo ni ile nitrojeni ambayo mahindi yako huinywa moja kwa moja. Huigeuza kuwa gesi ikapotea. Ndiyo maana naitreti kwenye sampuli yako imesoma karibu na sifuri. Je, shambani haipo? Huenda ipo, huenda mvua imeishusha chini. Mfuko huu hauwezi kutuambia.

Naitreti ikiisha, wanahamia kwenye manganizi na chuma. Chuma ambacho kwenye udongo mkavu kimekaa kama kutu huyeyuka na kuingia kwenye maji, na hapo ndipo mambo yanapotuchanganya zaidi. Kwenye udongo wenye asidi kama wa kwenu, sehemu kubwa ya fosforasi imeshikwa na chuma hicho hicho. Kikiyeyuka, fosforasi nayo inaachiwa, na mashine inaiona kama chakula tele. Kwa hiyo maji yamezimua kipimo na kukishusha, chuma kimeachia fosforasi na kukipandisha. Ya kwanza naijua kiasi chake, ya pili siijui. Ningekupa karatasi yenye namba ile ungeweza kuacha DAP msimu ujao ukidhani udongo umeshiba.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni pH. Majibu yako ya 2022, yaliyotoka kwenye maabara hii hii, yalikuwa 5.1. Safari hii imesoma 6.2. Nilimuuliza kijana kama uliwahi kumwaga chokaa tangu wakati ule, akasema hata kilo moja. Udongo wa asidi ukikaa kwenye maji bila hewa, pH yake hupanda kuelekea 7, na ukikauka hurudi ulikotoka. Ukiishika hiyo 6.2 utaghairi safari ya kwenda kununua chokaa Songwe, halafu Novemba mbegu zitaingia kwenye udongo uleule wa 5.1.

Utaniuliza kwa nini hatukulikausha tope kisha tukapima upya. Tulijaribu. Tope la mfinyanzi lililopondwapondwa hukauka kuwa tofali. Tukaligonga kwa mchi ndipo likapita kwenye chekeche ya milimita 2, lakini naitreti iliyokwisha kuwa gesi hairudi kwa kukausha, na tope ambalo halikuchanganyika vizuri tangu shambani halichanganyiki likiwa mabonge. Vijiko viwili kutoka mfuko mmoja vilitoa majibu mawili.

Kuna jambo jingine nje ya kemia. Kijana alisema jembe lilikuwa likinasa, kwa hiyo alichota sehemu nne za bondeni karibu na njia, penye udongo laini. Hata tope lile lingefika siku ileile, lingekuwa la bondeni tu. Eka zako za kilimani hazimo kabisa.

Kosa letu nalo lipo. Yule aliyepokea mfuko mapokezi alipaswa kuukataa papo hapo na kumweleza kijana, badala ya kuchukua fedha na kuandika namba. Kwa sababu hiyo sampuli mpya tutaipima bila malipo. Stakabadhi uliyonayo inatosha, ije nayo tu.

Usichimbe sasa. Subiri uvune, mwezi Juni au Julai mvua ikiwa imekatika, na uchote kabla ya kuchoma mabua, maana jivu nalo hupandisha pH. Udongo ukiufinya mkononi usitoe maji wala usigande kwenye vidole. Pita shambani kwa mwendo wa kona kona, uchote sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, zote kwenye ndoo safi. Tafadhali isiwe ndoo au kiroba kilichobeba mbolea, hata kama kimeoshwa. Kilima kiwe na mfuko wake na bonde mfuko wake. Changanya vizuri, tandaza kwenye karatasi kivulini siku mbili tatu (si juani wala si juu ya meko), kisha utuletee nusu kilo ya kila upande kwenye bahasha ya karatasi. Majibu yakitoka Agosti, bado utakuwa na muda wa kumwaga chokaa na kuilimia kabla ya kupanda.

Kama unataka kuona lile tofali kwa macho yako, nimeliacha kwenye rafu ya mapokezi. Nimewaambia vijana wasilitupe hadi utakapofika.

Nisalimie nyumbani.

Wako,
Meneja wa Maabara